Sukari iliposhuka bila kunipigia hodi

Nina kisukari na natumia insulini. Siku ile sokoni Kadutu, Bukavu, nilimrudishia mteja mmoja chenji mara mbili, kisha nikaanza kukunja kitenge alichokwisha kununua. Binti yangu akasema, "Mama, mbona unaongea ovyo?" Akanipima kwa nguvu. Glukometa, kile kipima sukari ya damu, ikaonyesha miligramu 41 kwa desilita. Mimi nilijiona mzima kabisa: mikono haitetemeki, moyo haudundi, jasho hakuna.

Zamani nikifika 65 mwili ulikuwa unapiga kelele. Daktari alifungua daftari langu la vipimo akaonyesha 58, 52, 61, karibu kila siku ya pili. Nilizionea fahari namba hizo, maana niliambiwa sukari ikiwa chini ndiyo vizuri. Kumbe ndizo zilizoninyamazisha. Kutetemeka na moyo kwenda mbio huletwa na homoni ya adrenalini, ambayo kwa kawaida huanza kumwagika kabla ubongo haujakosa sukari. Ukishuka mara kwa mara, ubongo unazoea, na adrenalini inangoja sukari ishuke zaidi ndipo itoke. Hata mshuko mmoja wa leo unaweza kupunguza dalili za kesho. Mwisho akili inavurugika kwanza, na onyo linachelewa au halifiki.

Dawa yake ni kuacha kushuka kabisa kwa wiki kadhaa. Daktari alinipunguzia insulini ya jioni kutoka yuniti 18 hadi 14 (hesabu yangu hiyo, usiichukue), akasema nisilale chini ya 140, na nikiona 80 nile bila kungoja 70. Sukari ya wastani ingepanda kidogo, naye aliikubali hasara hiyo kwa muda.

Vijiti vya kupimia ni ghali, kwa hiyo niliviweka panapouma: kabla ya kulala, kabla ya kupanda mlima na mzigo, na saa tisa usiku mara mbili kwa wiki. Hapo usiku ndipo nilimkamata mwizi. Siku za soko, baada ya kupanda na kushuka vilima vyetu, nilikuta 63 nilipoamka kupima. Tangu hapo siku hizo naongeza bugali jioni, na daktari akapunguza yuniti mbili nyingine. Kila nikishuka, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, nangoja dakika kumi na tano, napima tena.

Wiki ya nne, nikiwa nachambua sambaza, vidole vilianza kutetemeka. 66. Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikakoroga sukari.

Kwa wengine kurudi kwa dalili huchukua hata miezi mitatu, na walioishi na ugonjwa miaka mingi dalili zinaweza kurudi nusu tu. Zangu usiku bado ni hafifu, ndiyo maana saa ya kuamka saa tisa sijaizima.