Siku 90 sio za kurudi, ingia leo ubonyeze Cancel Deletion

"Wakuu, nilifuta akaunti yangu ya Facebook siku 24 zilizopita, sasa naitaka tena. Jamaa yangu kaniambia data zinakaa siku 90 kwenye seva kwa hiyo nisiwe na presha, nikinunua simu mpya mwezi ujao naingia tu. Ni kweli? Na kwa nini wanakaa na data zetu muda wote huo?"

Mkuu usisubiri simu mpya, azima simu ya mtu hata sasa hivi. Umebakiwa na siku 6 tu. Huyo jamaa yako kakwambia kitu kilekile nilichoambiwa mimi na kilinigharimu picha za miaka 8 na meseji za sauti za mama yangu ambaye hayupo tena duniani, kwa hiyo nisamehe kama naandika kwa ukali.

Kuna saa mbili ambazo watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ya kurudi, kwa Facebook ni siku 30 tangu uombe kufuta. Ya pili ni ya usafi, yani muda wanaojipa kufuta vitu vyako vyote kwenye mitambo yao, hiyo ndo inafika mpaka siku 90. Siku ya 31 mlango umefungwa hata kama data zako bado zipo mle ndani. Zipo, ila sio zako tena.

Mimi haikuwa Facebook, ulikuwa mtandao mwingine ambao sitautaja, ila utaratibu wake ulikuwa huohuo, 30 za kurudi na 90 za kusafisha. Niliomba kufuta tarehe 3 Machi nikiwa na hasira zangu. Baada ya wiki mbili hasira zikaisha nikataka kurudi, nikamuuliza mtu tuliyekuwa tunafanya naye kazi, yule ambaye kila mtu ofisini akiharibikiwa na kompyuta anamuita yeye. Akaniambia tulia, nimesoma masharti yao, data inakaa siku 90, una mpaka Juni mosi. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, siku 90 kutoka tarehe 3 Machi ni tarehe 1 Juni kweli, tatizo alisoma mstari wa pili akaruka wa kwanza. Mlango wangu ulifungwa tarehe 2 Aprili. Mimi nikaingia tarehe 14 Aprili, siku ya 42, nikaweka email na paswedi vizuri nikaambiwa hakuna akaunti yenye email hiyo. Nikadhani nimekosea herufi, nikarudia kama mara 20 hivi. Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikawatumia mpaka kitambulisho, jibu likawa moja tu, muda wa kurejesha umepita. Na yule bwana nilipomwambia akasema labda wamebadilisha masharti. Hawakubadilisha kitu, hakusoma! Mtu kama hujui sema sijui, usimpe mwenzako tarehe ya uongo kwenye kitu kisichorudi.

Sasa kwa nini inabaki wakati wewe huwezi kuirudisha. Ukibonyeza kufuta, siku hizo 30 za mwanzo hakuna kinachofutwa, akaunti inawekewa alama tu kwamba inasubiri kufutwa na inafichwa watu wasiione. Wanafanya hivyo kwa sababu watu wanajutia, na kuna wezi wanaoingia kwenye akaunti ya mtu na kuifuta, kwa hiyo mwenyewe anapewa nafasi ya kurudi. Ukirudi wanaondoa ile alama na kila kitu kinarudi kilipokuwa. Siku zikiisha ndo kazi yenyewe ya kufuta inaanza, na haiishi kwa siku moja maana picha yako moja ina nakala kwenye seva nyingi, halafu kuna nakala za akiba, zile wanazotunza ili mitambo ikifa waiwashe upya. Hizo za akiba hazifunguliwi kuchomoa mtu mmoja mmoja, zinaachwa mpaka zamu yake ya kuandikwa upya ifike, ndo maana Facebook wenyewe wanasema hata baada ya siku 90 nakala zinaweza kubaki huko kwenye akiba. Lakini akiba ni ya mtambo mzima, sio kabati lenye droo ya jina lako, kwa hiyo usije ukafikiri kuna mfanyakazi atakuchotea yako humo. Mimi nilifikiri hivyo, nikabembeleza wiki tatu.

Kama bado unamuamini jamaa yako, angalia WhatsApp. Nao wanasema kufuta taarifa zako kunaweza kuchukua mpaka siku 90, lakini ukishafuta akaunti hurudishiwi kabisa, hata kesho yake. Siku za kusafisha 90, siku za kurudi sifuri. Discord wanakupa siku 14 za kurudi. Microsoft unachagua mwenyewe 30 au 60 wakati wa kufunga. Kwa hiyo popote ukiona idadi ya siku uliza kwanza, hizi ni za kurudi au za kusafisha?

Wewe fanya hivi. Ingia kwa email au namba ileile ya zamani na paswedi ileile. Usifungue akaunti mpya. Kama ile simu au kompyuta uliyokuwa unaitumia zamani bado ipo anza nayo, maana kifaa wasichokijua kinaweza kukuletea maswali ya kujithibitisha, na kodi ya kuthibitisha itatumwa kwenye ile email au laini ya zamani. Hapa ndo wengi wanakwama, mtu kafuta akaunti halafu katupa na laini. Kama laini iko kwenye droo itoe sasa hivi. Paswedi ukiisahau ibadilishe leo, usiache mpaka siku ya 29 kwa sababu kodi ikichelewa au ukizuiwa kwa kujaribu mara nyingi hizo siku hazikusubiri.

Ukishaingia utaona taarifa kwamba akaunti imepangwa kufutwa, na kitufe cha Cancel Deletion. Kibonyeze. Kuna mtu alinieleza aliingia akaona ile skrini, akadhani kule kuingia tu kumetosha, akafunga. Isome mpaka mwisho, bonyeza, subiri ukubaliwe. Halafu toka, ingia tena. Ukifika moja kwa moja ndani bila kuulizwa habari ya kufuta ujue imekubali, na umuombe mtu mwingine akutafute kwa jina aone kama unaonekana. Ikikuletea tena ile taarifa, haijakubali, rudia.

Ukisharudi, kabla hujaanza kusalimia watu, nenda kwenye seting uombe nakala ya data zako, uipakue na uihifadhi sehemu mbili. Faili linaweza kuchelewa kuwa tayari, hiyo sawa, ilimradi akaunti iko hai. Mimi ningefanya hicho kitu kimoja kabla ya tarehe 3 Machi ningekuwa na sauti ya mama.

Ukifanikiwa rudi hapa useme, na ukikwama kwenye kodi andika imekwama hatua gani, nipo online mpaka usiku.