Barua ya binti ya miaka 18: mimi niliiandika mara mbili

"Binti yangu ana miaka 5. Nataka kumwandikia barua aje aifungue akitimiza 18, niiweke pamoja na kitu kidogo cha kumbukumbu. Niandike nini, na niihifadhi vipi?"

Dada, ya kwanza niliiandika binti yangu akiwa na miaka 4. Alipofika 11 nilikuwa napanga kabati, nikaikuta bahasha ina doa la kahawia. Ndani niliweka hereni moja ya fedha, ya ile jozi niliyovaa siku niliyomzaa, nikaikunjia kwenye barua yenyewe na kuifunga kwa mpira wa kufungia noti. Mpira ulikuwa umeyeyuka na kugandia karatasi, hereni imekuwa nyeusi tii. Mipira hiyo ina salfa, na salfa ndiyo inayoitia fedha weusi. Niliisugua taratibu kwa kitambaa laini na magadi soda yaliyolowanishwa, ikang'aa tena. Karatasi ndiyo haikupona. Nilipobandua mpira, maneno yalitoka nao.

Safari hii hereni ikakaa peke yake, kwenye kitambaa kikavu cha pamba ndani ya kikopo, na barua kwenye bahasha yake. Sikutia pini, maana hushika kutu, wala selotepu, maana gundi yake hugeuka njano na kupenya. Nilimwonyesha dada yangu nilipoviweka, ili nikitangulia mimi, yupo wa kumpa.

Lakini hata bila doa lile ningeiandika upya. Nilipoisoma niliona imejaa soma kwa bidii, chagua marafiki, maneno anayoyasikia kwangu kila siku. Tena nilimwita "daktari wangu", na mtoto mwenyewe akiona damu anafunika macho.

Kwa hiyo ya pili nikamwandikia asichoweza kukikumbuka. Kwamba akiwa na miaka 4 alikiita kivuli chake "mdogo wangu", na wakati wa kula alikuwa akikivutia kiti. Kwamba kuna usiku nilimgombeza mpaka akalala analia, kisa kikombe alichovunja, kumbe siku ile nilikuwa nimeachishwa kazi na sikumwambia mtu. Nikamwomba radhi kwa maandishi. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu na kalamu mkononi. Mwisho nikaeleza hereni ni ya nini na kwa nini ni moja: ya pili ninayo mimi, bado naivaa. Usipoeleza, atashika kipande cha fedha asijue kimetoka wapi. Juu kabisa nikaandika tarehe na umri wake siku ile.

Mwaka jana alitimiza 18. Aliisoma chumbani, mlango umefungwa. Alipotoka, hereni ilikuwa sikioni, akaja kukaa karibu yangu kimya. Kisha akaniuliza, "Mama, kile kikombe kilikuwa cha rangi gani?"