Laptopu imefungwa, diski ina BitLocker: je, kifaa cha kuchomeka kinaweza kuchukua data?

> Wakuu, nipo Tanga mjini, nafanya kazi ya hesabu. Fundi mmoja kaniambia kwamba hata laptopu ikiwa imefungwa kwa neno la siri na diski ina BitLocker, mtu akichomeka kifaa chake kwenye tundu la Thunderbolt anaweza kuchukua kila kitu. Ni kweli au ananitisha? Na nitajuaje yangu iko salama?

Mkuu, fundi wako hakukutisha. Kwa baadhi ya mashine ni kweli kabisa.

Anza na swali la ufunguo uko wapi. BitLocker ya kawaida, ile isiyokuuliza chochote mpaka ufike kwenye skrini ya Windows, ufunguo wake unalindwa na chipu ya TPM. Mashine ikiwaka na kila kitu kikiwa kama kilivyokuwa, TPM inauachia ufunguo wenyewe, nao unakaa kwenye memori. Maana yake, ile skrini ya kudai neno la siri ikitokea, diski imeshafunguliwa tayari. Neno lako la siri linamzuia mtu anayepitia kwenye kibodi.

Mwenye kifaa cha Thunderbolt hapitii huko. Ndani ya tundu lile inapita PCIe, njia ileile ya kadi zilizofungwa ndani ya kompyuta, na kadi hizo zina ruhusa ya kusoma na kuandika memori moja kwa moja bila kuisumbua prosesa. Hiyo ndiyo DMA, na iliwekwa kwa ajili ya kasi. Flashi ya USB haina uwezo huo, kwa sababu anayegusa memori ni kidhibiti cha USB kilichomo ndani ya kompyuta yako, flashi yenyewe inaomba tu. Kwa hiyo angalia tundu: la Type-C lenye alama ya radi pembeni ndilo la kuuliza habari zake kwanza. USB4 nayo inaweza kupitisha PCIe. Umbo la tundu peke yake halikwambii kitu.

Kinga yake inaitwa IOMMU; kwa Intel utaiona kwa jina la VT-d. Fikiria karani wa ghala mwenye daftari: kila kifaa kimeandikiwa vyumba vyake, kikigonga chumba kingine kinarudishwa. Windows 10 ilianza kumtumia karani huyu kwa vifaa vya nje toka toleo la 1803, mwaka 2018. Lakini bayosi ya mashine lazima iwe imetengenezwa kwa ajili hiyo, na hapo ndipo laptopu za mtumba zinapoangusha watu.

Mwaka jana niliitwa kwenye ofisi ya uwakala wa forodha karibu na bandari. Walikuwa na laptopu mbili za mtumba, zote zina alama ya radi, zote zina BitLocker, na mezani kuna doki moja wanayopokezana. Niliandika `msinfo32` kwenye sehemu ya kutafutia, nikashuka chini kwenye ukurasa wa kwanza hadi mstari huu, unaosema kama karani yuko kazini:

```
Kernel DMA Protection    Off
```

Zote mbili Off, ila kwa sababu tofauti.

Ya kwanza ilikuwa ya mwaka 2020. Nilipoingia kwenye bayosi nikakuta VT-d imezimwa, bila shaka na mwenyeji wa zamani. Hapa nilikosea: niliiwasha papo hapo, nikahifadhi, mashine ikarudi na skrini ya bluu ya BitLocker ikidai namba ya uokoaji ya tarakimu 48. Yule dada wa hesabu alikaa kama saa nzima akiitafuta, akaja kuipata kwenye akaunti yake ya Microsoft. Kubadilisha mambo ya bayosi kunaweza kuifanya TPM ikatae kuachia ufunguo. Kwa hiyo kabla hujagusa, fungua Command Prompt kama msimamizi, nakili namba hiyo kwenye karatasi, kisha simamisha ulinzi kwa muda:

```
manage-bde -protectors -get C:
manage-bde -protectors -disable C:
```

Ukiwasha upya mara moja ulinzi unarudi wenyewe. Baada ya hapo mstari ule ulisoma On, na kazi ya mashine hiyo ikaishia hapo.

Ya pili ilikuwa ya zamani zaidi. VT-d iliwashwa, nikasasisha bayosi, bado Off. Bayosi yake haina hicho kitu, na hakuna programu ya kukiongeza. Wenyewe walinionyesha kwamba Thunderbolt yao ikichomekwa kifaa kipya inauliza kwanza kama uidhinishe, wakidhani inatosha. Haitoshi. Mwaka 2020 Björn Ruytenberg wa chuo kikuu cha teknolojia cha Eindhoven alionyesha, katika utafiti alioupa jina Thunderspy, kwamba mtu akifungua mfuniko wa chini na kuandika upya chipu inayohifadhi mipangilio ya Thunderbolt, maombi hayo ya idhini yanazimika. Ni kazi ya dakika chache kwa mwenye vifaa, na laptopu ikiwa imelala au imefungwa skrini.

Kwa mashine hiyo nilifanya mambo mawili. Kwenye bayosi niliiweka Thunderbolt ibaki na picha tu, bila PCIe. Utajua imekubali ukichomeka doki: kwao skrini ya nje iliwaka na kuchaji kukaendelea, lakini waya wa intaneti na kipanya vilivyopitia kwenye doki vilikuwa kimya. Walilalamika, nikawachomekea kipanya kwenye tundu la kawaida la USB.

La pili ni PIN kabla ya Windows, kwa sababu mtu akipata nafasi ya kufungua mfuniko, mpangilio wa bayosi peke yake nisingeuegemea. Wengi wanashauri uache Sleep utumie Hibernate, maana kwenye Sleep memori inabaki hai na ufunguo umo ndani. Ni sawa, lakini ni nusu ya dawa. Kama TPM iko peke yake, mwizi anabonyeza kitufe cha kuwasha, mashine inafika kwenye skrini ya neno la siri, na ufunguo umesharudi kwenye memori. Ukiwa na PIN, TPM haiachii mpaka uiandike. Kwa Windows Pro, ruhusu kwanza kwenye `gpedit.msc` sera ya "Require additional authentication at startup", halafu:

```
manage-bde -protectors -add C: -TPMAndPIN
```

Kisha rudia ile amri ya `-get` uone imeandika TPM And PIN. PIN pamoja na Hibernate ndiyo inayokusaidia laptopu ikibaki kwenye gari pale Ngamiani wakati wewe unakunywa chai.

Kama yako inasoma On, ujue pia mpaka wake. Kifaa ambacho draiva yake haiendani na kinga hii kinazuiwa wakati skrini imefungwa, lakini ukishaingia kinaruhusiwa. Kwa hiyo doki usiyoijua ilikotoka, au ya kuazima kwenye ukumbi wa mkutano, usiichomeke ukiwa ndani ya akaunti yako. Vilevile kuna vifaa vya USB vinavyojifanya kibodi na kuandika amri kwa kasi. Hivyo havigusi memori, na karani wetu hana habari navyo.

Ile doki ya pale ofisini niliuliza ilitoka wapi. Hakuna aliyejua, aliikuta kila mmoja. Wameiweka kabatini, wakanunua nyingine.

Tuma hapa mstari wako wa `msinfo32` na mwaka wa mashine, mkuu, nikwambie uko upande gani.