Vichwa viwili vilivyounganishwa: kuvifanya safu mlalo moja

"Nina jedwali la shule kwenye Excel. Juu kuna 2022 na 2023, chini ya kila mwaka Wavulana na Wasichana. Nikichuja data inavurugika. Nifanyeje?"

Ndugu, chagua safu mlalo 1 na 2, kisha bonyeza Unmerge Cells. Mwaka utabaki kwenye seli ya kushoto tu, yaani 2022 ipo B1 na C1 ni tupu. Ndiyo maana huwezi kuunganisha maneno moja kwa moja. Wasichana watakosa mwaka.

Ingiza safu mlalo mbili tupu chini ya 2. Kwenye A3 andika `=A1`, halafu B3 na B4:

```
=IF(B1="",A3,B1)
=IF(B2="",B3,B3&"_"&B2)
```

Ziburute kulia hadi mwisho, na ya B4 uinakili pia kwenye A4. C4 itasomeka 2022_Wasichana, na A4 itabaki Shule, bila kistari cha ziada.

Sasa nakili safu mlalo ya 4, ibandike papo hapo kwa Paste Values, ndipo ufute 1 hadi 3. Ukitanguliza kufuta, utapata #REF! kila mahali.

Kagua safu wima isiyo na mwaka, mfano Jumla: kama juu yake ni patupu, itarithi 2023 kimakosa.