Kizunguzungu cha makusudi: maswali yenu ya wiki hii

"Daktari, huu mwaka wa tisa moyo unanienda mbio bila sababu. Vipimo vyote safi. Sasa mnasihi anataka nipumue haraka mpaka nipate kizunguzungu. Si nitaanguka kweli?" Mama, Igoma

Mimi ni mnasihi, mama, si daktari. Zoezi hilo linaleta kwa makusudi dalili unayoiogopa, ili ujionee mwenyewe kama unachokihofia kinatokea. Anayezimia, kwa kawaida presha yake imeshuka ghafla, wakati ya kwako hupanda hofu ikikuingia. Kizunguzungu hicho kinatokana na kupumua kuliko mwili unavyohitaji: kabonidayoksaidi inapungua kwenye damu, mishipa ya ubongo inajibana, kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinaingia ganzi. Ukirudia kupumua kawaida, kinaisha chenyewe. Wanaozimia wakiona damu au sindano ni kundi jingine, mniandikie siku nyingine.

Nikupe mfano wa mama mmoja muuza dagaa wa Kirumba, aliyeniruhusu nisimulie bila jina. Kivuko cha Kamanga alikuwa amekikimbia miaka mingi. Kabla ya zoezi nilimtaka aseme anachokitarajia. Akasema, "Nitaanguka kabla ya sekunde 30." Tukaliandika neno hilo kama lilivyo. Akasimama, akapumua kwa nguvu kwa mdomo, pumzi moja kila sekunde mbili, dakika nzima. Kizunguzungu akakipa 8 kati ya 10, hofu 9. Hakuanguka.

Basi akapata sababu: alikuwa ameshika meza. Tukaisogeza meza, tukarudia. Akasema ni kwa kuwa mimi nipo. Nikatoka nje, akarudia peke yake. Kufikia mara ya tano kizunguzungu kilikuwa bado 8, ila hofu imeshuka hadi 4. Hapo ndipo wengi mnapokosea. Mnangoja kizunguzungu kiondoke, na kikibaki mnasema zoezi limeshindwa, kumbe kinachopimwa ni kama lile neno mliloandika limetokea. Wiki kadhaa baadaye alikimbia akiwa mahali pamoja dakika moja gatini, akapanda kivuko moyo ukiwa bado unamdunda.

"Nimejizungusha kwenye kiti wiki mbili, kila siku, hofu iko palepale. Hii kitu haifanyi kazi." Kijana, Nyegezi

Hujasema mkononi ulikuwa na nini. Chupa ya maji? Simu yenye namba ya kaka tayari kwenye kioo? Au ile mashine ya presha ya kufunga mkononi? Ukimaliza salama huku umeishika, akili inaipa mashine sifa yote, na kesho itaitaka tena. Nimeona watu wanajipima mara kumi kwa siku, na kila namba ikipanda kidogo wanaingiwa na hofu inayoipandisha zaidi. Mtu ambaye daktari hakumwagiza kujipima, aipeleke kwa jirani.

Halafu, unaogopa nini hasa? Kiti kinaleta kizunguzungu. Kama kinachokutisha ni moyo, unajizungusha bure. Panda ngazi mbio dakika moja au mbili. Kama ni kukosa pumzi, bana pua upumue kwa mrija mwembamba hadi dakika mbili. Zoezi lisilofanana na shambulio lako la hofu halikufundishi kitu. Na ukilikatisha sekunde ileile hofu inapopanda, unajifundisha kwamba umeokoka kwa kukimbia. Usikimbilie kupumua polepole pia, hiyo nayo ni chupa ya maji.

"Nina pumu na mimba ya miezi mitano. Nianze na zoezi lipi?" Dada, Ilemela

Hakuna, mpaka daktari wako aseme. Hilo ni kwenu pia wenye kifafa, ugonjwa wa moyo, au shingo na mgongo ulioumia. Na kama hujawahi kupimwa damu na tezi ya shingo, anzia huko: upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kupita kiasi huukimbiza moyo vilevile.

"Nikimeza Valiamu kwanza naweza kulifanya vizuri sana." Baba, Buzuruga

Naamini. Ila sifa itakwenda kwa kidonge. Usiiache ghafla kama umeizoea, maana kuiacha hivyo kunaweza kuleta degedege. Aliyekuandikia ndiye akupunguzie kidogo kidogo.

"Naomba dawa ya presha ya kupanda na kushuka."

Swali hili limekuja mara nne mwezi huu, halina umri, halina kipimo. Nenda zahanati.

"Nikimaliza mazoezi haya, moyo utaacha kwenda mbio?" Mama yuleyule, Igoma

Hapana, mama. Ukipanda mlima wa Bugarika na ndoo kichwani utakwenda mbio kama wa jirani yako. Tofauti ni kwamba ukifika juu utatua ndoo, badala ya kutafuta mtu wa kukukimbiza hospitali.