Jogoo wa kishingo aliyeuzwa kama "mbegu safi" na vifaranga waliotoka nusu kwa nusu

Swali: *Mtaalamu, habari za kazi. Nafuga kuku wa kienyeji Bagamoyo. Nilinunua jogoo wa kishingo, nikaambiwa ni mbegu safi, baba na mama wote kishingo. Nimempandisha kwa matetea wanane wenye shingo za manyoya kamili. Nilisoma kwamba kishingo ni jeni tawala, kwa hiyo vifaranga wote wangetoka kishingo. Nimetotolesha mara mbili. Mayai ya wiki mbili za kwanza yalitoa vifaranga 26, kishingo 9. Mayai ya wiki ya tano na ya sita yalitoa 24, kishingo 13. Jumla 50, kishingo 22 tu. Matetea wako kwenye banda la waya, hakuna jogoo mwingine anayeingia. Yule wa zamani, ambaye hakuwa kishingo, nilimuuza siku mbili kabla ya kumleta huyu. Je, nimekosea wapi, na nimrudishe kwa aliyeniuzia?*

Jibu: Hesabu yako haina kosa, ila umeianza na jogoo asiye huyo uliye naye. Kila kuku hurithi aleli mbili, yaani nakala mbili za jeni ya shingo, moja kwa baba na moja kwa mama. Kwenye karatasi umemwandika kuwa ana aleli mbili za kishingo. Bandani uko na jogoo mwenye moja.

Kabla sijaonyesha ninavyojua, tukubaliane alama. Vitabuni aleli ya kishingo huandikwa `Na`, na ile ya shingo yenye manyoya huandikwa `na+`. Sisi tunaoandika Kiswahili tusiiache hiyo alama ya kujumlisha, maana bila yake sentensi nzima inageuka fumbo.

Tuanze na matetea, kwa kuwa hao hawana siri. Kuku mwenye shingo kamili ya manyoya hawezi kuwa ameficha `Na` ndani yake. Aleli hiyo ni tawala, hata ikiwa moja tu shingo inaonekana wazi. Kwa hiyo matetea wako wote wanane ni `na+/na+`, na kila yai lao linabeba `na+`. Maana yake ni kwamba kila kifaranga anakuonyesha shingoni mwake aleli aliyopewa na baba. Aliyetoka kishingo amepewa `Na`. Aliyetoka na malaika shingo nzima amepewa `na+`, na jogoo hawezi kutoa kitu asichokuwa nacho.

Hivyo kifaranga mmoja tu wa manyoya angetosha kumaliza kesi, mradi tuna hakika kwamba baba yake ni huyu jogoo. Hapo ndipo swali lako linaponoga, kwa sababu ya zile siku mbili.

Tetea hahitaji jogoo kila siku. Ana mirija midogo sana kwenye njia ya yai, pale mji wa yai unapokutana na uke, na humo mbegu za jogoo hukaa hai wiki mbili, mara nyingine hata tatu. Jogoo mpya akishaanza kupanda, mbegu zake huchukua nafasi kubwa kadiri siku zinavyokwenda, lakini za yule wa zamani haziishi papo hapo. Kwa hiyo mayai yako ya wiki mbili za kwanza yana baba wawili, na vifaranga 17 wa manyoya katika mkupuo ule hawawezi kutoa ushahidi. Baadhi yao wanaweza kuwa watoto wa jogoo uliyemuuza. Ungeniletea mkupuo huo peke yake, ningekwambia usimlaumu mtu bado.

Mkupuo wa pili ndio unaoamua. Mayai ya wiki ya tano na ya sita yaliwekwa zaidi ya mwezi tangu jogoo wa zamani aondoke, na akiba yake ilikwisha kabisa. Kama huyu mpya angekuwa `Na/Na`, vifaranga wote 24 wangetoka kishingo, pasipo hata mmoja kupungua. Umepata 13 kwa 11. Hao 11 ni wake, basi yeye ni `Na/na+`. Katika upandishaji wa namna hii tunategemea nusu kwa nusu, yaani 12 kwa 12. Ukitaka kupima kama 13 kwa 11 iko mbali na nusu, tumia kai-mraba: tofauti ni 1 kila upande, unaizidisha kwa yenyewe, unagawa kwa 12, kisha unajumlisha pande mbili.

```
(13-12)^2/12 + (11-12)^2/12 = 0.17
```

Kwa makundi mawili ya vifaranga, tunaanza kutilia shaka uwiano pale jibu linapovuka 3.84. Wewe uko 0.17. Ila usije ukatumia kipimo hiki kupima dai la "wote kishingo". Dai hilo halihitaji hesabu, kifaranga mmoja wa manyoya amelivunja.

Angalia pia ulivyojumlisha. Ile 22 kwa 28 inakaribia nusu kwa nusu, na mtu angeweza kuishia hapo na kusema jibu limepatikana. Lakini majogoo wawili, mmoja `Na/Na` na mwingine wa manyoya, wakigawana matetea sawasawa nao wangekupa kitu hicho hicho. Uwiano wa jumla hautofautishi hali hizo mbili. Kilichokuokoa ni daftari lako kuonyesha mayai ya wiki ipi yalitoa nini.

Sasa hadithi ya "baba na mama wote kishingo". Inawezekana kabisa aliyekuuzia hakudanganya. Chukua jogoo na tetea, wote wawili `Na/na+`. Kati ya vifaranga wanne, kwa wastani mmoja atakuwa `Na/Na`, wawili `Na/na+`, na mmoja wa manyoya. Muuzaji anampeleka yule wa manyoya sokoni na kubakiza watatu wenye shingo wazi. Kati ya hao watatu, mmoja tu ndiye mwenye aleli mbili za kishingo. Kwa hiyo pora wa kishingo kutoka kwa wazazi wa namna hiyo ana nafasi moja kati ya tatu ya kuwa kile ulichoambiwa.

Wafugaji wengi hudhani kwamba wakiendelea kuuza wale wa manyoya kwa vizazi kadhaa kundi litasafika. Linasafika polepole mno. Tukianza na kundi ambalo kila kuku ni `Na/na+`, na kila kizazi tukawaondoa wote wa manyoya na kuwaacha waliobaki wapandane ovyo, kizazi cha kwanza kitatoa robo ya vifaranga wa manyoya, cha pili sehemu moja kati ya tisa, cha tatu moja kati ya kumi na sita. Anayetotoa vifaranga kumi kwa wakati anaweza kukaa msimu mzima bila kumwona wa manyoya hata mmoja, akaapa kwamba kundi lake ni safi. Aleli ya `na+` bado imo, imejificha ndani ya kuku ambao shingo zao ni wazi.

Habari njema ni kwamba kishingo si tawala kamili, na ukimtazama vizuri jogoo wako huenda angekwambia mwenyewe. Mshike, inua kidevu chake, tazama upande wa mbele wa shingo, juu kidogo ya mfuko wa chakula. Kuku wa `Na/na+` kwa kawaida ana kishada cha manyoya pale, kama tai fupi iliyofungwa vibaya, kimezungukwa na ngozi tupu. Wa `Na/Na` hana kishada hicho, au ana vinyoya vichache tu vya kuhesabika, na hata kifua na mapaja yake yana manyoya machache zaidi.

Lakini usinunue kuku kwa kishada peke yake. Wenzake humdonoa kikaisha, na mkono wa binadamu nao unajua kung'oa. Niliwahi kununua jogoo mnadani, shingo laini kama ya bata mzinga, nikajipongeza njia nzima. Baada ya wiki tatu vinyoya vipya vilianza kuchomoza mahali pale pale. Tangu siku hiyo naipapasa ngozi kwa kidole kutafuta vijitundu na vinyoya vinavyoota kabla sijatoa hela.

Kipimo cha kweli ni kile ulichokifanya bila kukusudia, yaani kumpandisha kwa matetea wa manyoya na kutazama vifaranga. Wafunge matetea wiki tatu bila jogoo yeyote, mwingize unayempima, mpe wiki moja, kisha ndipo uanze kukusanya mayai ya kutotolesha. Jogoo wa `Na/na+` anaweza kwa bahati kutoa vifaranga wa kishingo mfululizo, lakini bahati hiyo inakatwa nusu kwa kila kifaranga. Kupata watano mfululizo kutoka kwake ni nafasi moja kati ya 32. Saba mfululizo ni moja kati ya 128. Mimi huridhika na saba, na kwa jogoo wa bei kubwa nangoja kumi, ambapo nafasi ya kudanganywa ni moja kati ya 1,024. Akitokea mmoja wa manyoya, hata awe wa kumi, kipimo kimeisha.

Wahesabu siku ile ile wanapotoka, kwa kuwa shingo tupu inaonekana kifaranga akishakauka tu. Vunja na mayai ambayo vifaranga walikufa wakiwa wamekaribia kutoka, uwaandike nao. Ukiwahesabu waliokuwa hai wiki ya nne pekee, umeshachanganya urithi na kideri, mwewe na baridi.

Kuhusu kumrudisha: kama bei uliyolipa ni ya jogoo wa kawaida wa kishingo, mbakize. Hata watoto wake wa `Na/na+` wana manyoya pungufu kiasi cha asilimia 20 hivi kuliko kuku wa kawaida, na kwa joto la Bagamoyo hilo si haba. Kama ulilipa zaidi kwa sababu ya neno "safi", nenda na daftari, umwonyeshe ule mkupuo wa pili, na wa kwanza usiutaje kabisa. Na kama unataka jogoo wako mwenyewe wa `Na/Na`, tafuta matetea wa kishingo wasio ndugu zake, mpandishe, kisha chagua mapora matatu au manne wasio na kishada. Wapime mmoja mmoja kwa matetea hawa hawa wanane ulio nao. Usiwauze hao matetea wa manyoya, maana bila wao huna pa kumpimia jogoo.