Raundi ya pili ya Resident Evil 4 na bastola moja

"Wakuu, Resident Evil 4 ya PS2 nimeimaliza mara mbili. Mara ya pili nimepita kama natembea sokoni, hata jasho halikunitoka. Niiweke kabatini au bado kuna kitu ndani yake?"

Mkuu, usiiweke kabatini. Hiyo mara ya pili ndivyo ilivyotengenezwa, wala si kosa lako. Ukimaliza, gemu linakuomba usevu, na ukifungua sevu hiyo unarudi kijijini na silaha zako zote, zikiwa zimepandishwa, pamoja na hela. Ukiwa umemaliza na ile hadithi ya Ada, Separate Ways, muuzaji anakuwekea Chicago Typewriter kwa pesetas 1,000,000, na risasi zake haziishi. Mimi niliinunua. Siku ya kwanza nilicheka sana. Siku ya tatu nilikuwa nabonyeza kitufe huku naangalia simu.

Kilichonirudisha ni kujinyima. Nilianza upya kabisa, kwenye ugumu wa Normal, kwa sharti moja: bastola ile ya mwanzo tu, yenye risasi 10. Kisu, teke na mabomu ya mkono ruksa. Kumlipa muuzaji aipandishe nguvu ruksa. Silaha nyingine yoyote, hata ya kuokota, marufuku. Andika masharti yako kabla hujaanza, maana ukibanwa utaanza kujitafutia fatwa.

Pale kijijini mwanzo unaijua ile nyumba yenye shotigani ghorofani. Ukiingia tu, yule mwenye msumeno anakuja. Nilipocheza mara ya kwanza nilikimbilia humo bila kufikiri. Safari hii sikuwa na cha kufuata mle, nikabaki nje nazunguka, nampiga mmoja uso, anayumba, namsogelea na teke linalowaangusha na wenzake wawili walio karibu. Aliyelala namalizia kwa kisu. Nikaenda hivyo hadi kengele ya kanisa ilipolia na wote wakaondoka zao. Niliangalia risasi, nikakuta nimebakiwa na nyingi kuliko nilivyodhani.

Na hapa ndipo nilipolielewa gemu lenyewe. Risasi wanazoangusha maadui hazitoki kibahati tu. Gemu linachungulia sanduku lako la silaha: kama huna shotigani, halikupi risasi zake, linakupa za bastola. Kwa hiyo kujinyima silaha hakukuachi mikono mitupu kama watu wanavyoogopa. Ila ukirundika risasi nyingi, linabana mkono. Mimi nilikuwa bahili mno mwanzoni, nashangaa kwa nini masanduku yananipa hela tu. Nilipoanza kuzitumia, zikarudi.

Kule kwenye ngome mambo yanageuka. Ukilenga kichwa, kinapasuka na yule mdudu anayeishi ndani ya adui anachomoza, na kwa bastola anakula risasi vibaya. Mabomu ya mwanga niliyokuwa nayauza zamani yakawa dhahabu, kwa sababu bomu moja linawaua wadudu wote waliokwisha kuchomoza. Wale wenye majoho nikawapiga miguu. Wakipiga magoti Leon, yule unayemchezesha, anawabeba na kuwabwaga chali, na hiyo haigharimu risasi.

Verdugo, yule bosi wa ngome, sikumuua. Unaita lifti, unamkwepa na kumwagia mitungi ya baridi hadi ifike, unaondoka. Mtu akisema huo ni woga, mwache. Krauser, bosi mwingine ambaye zamani alinilia risasi za raifo, anaumia kwa kisu kuliko kwa karibu kila kitu. Nilimaliza naye haraka hadi nikaona haya.

Tahadhari moja. Sevu ya kumaliza na sevu ya masharti ziweke nafasi tofauti kwenye memori kadi. Mdogo wangu aliandika juu ya ile yangu yenye Chicago Typewriter, na hakuna namna ya kuirudisha. Tulinuniana wiki nzima.

Nyingine ni hii: ukiwa Normal, kila ukifa gemu linalegeza kamba, maadui wanapungua ukali bila kukwambia. Kwa hiyo ukipita mahali baada ya kufa mara nane, usijisifu sana. Ukitaka kujua kiwango chako, nenda ugumu wa Professional. Huko kamba imekazwa mwanzo hadi mwisho, na silaha za raundi ya pili huingii nazo, lazima uanze na kile kile kibastola.

Mimi niko huko sasa hivi, na masharti yaleyale. Nimekwama kwenye kibanda na Luis, pale wanapoingia kwa madirisha. Kuna aliyewahi kupapita na bastola pekee? Nimeshatumia mabomu yote ya mwanga.